Nani Ameketi Wapi: Kutatua Fumbo la Viti Kutoka Kwenye Picha ya Vidokezo

Fumbo la viti likiwa mbele yako kwenye karatasi safi, kazi ni ya mantiki tu. Likikufikia kama picha iliyopigwa kwa simu, kazi zinakuwa mbili, na ile ya kwanza ndiyo inayoangusha wengi: kujua kwa hakika kidokezo kimesema nini. Herufi mbili zikikatwa ukingoni, kidokezo kinaweza kugeuka kinyume chake, na bado ukapata jibu moja safi lisilo na mgongano wowote. Ndiyo maana mwongozo huu unakaa kwenye picha muda mrefu kabla ya kugusa jedwali.

Mfano tutakaoutumia tangu mwanzo hadi mwisho ni huu. Watu sita, Asha, Baraka, Chausiku, Daudi, Esta na Faraji, wameketi kwenye meza ndefu, watatu kila upande. Picha inaonyesha visanduku vinane, safu mbili za visanduku vinne. Kisanduku cha kwanza kina mchoro wa meza, saba vilivyobaki vina vidokezo.

Kabla ya kusoma neno lolote, kagua picha

Anza na mistari ya nje ya gridi. Fuata mpaka wake kwa kidole, pande zote nne. Mpaka ukifunga kila upande, unajua hakuna safu wala safu wima iliyobaki nje ya picha. Upande ambao mstari wake hauonekani ni upande wa kutiliwa shaka, hata kama maandishi yake yanasomeka vizuri. Katika picha ya mfano wetu, mstari wa kushoto unaonekana kwenye safu ya juu, lakini karatasi ilipigwa ikiwa imeinama kidogo, hivyo kwenye safu ya chini mstari huo unatoka nje ya picha. Andika jambo hilo pembeni. Litarudi.

Kisha hakikisha picha imekaa sawa. Maandishi yakisomeka kawaida, kutoka kushoto kwenda kulia, picha haijageuzwa kama kioo. Usitegemee namba za viti peke yake, maana mchoro wa meza unaweza kupinduliwa juu chini na bado ukaonekana meza tu, na 6 iliyopinduliwa inasomeka 9.

Baada ya hapo tafuta mng'ao na kivuli. Hivi viwili havitibiwi kwa namna moja. Sehemu yenye kivuli mara nyingi bado ina maandishi ndani yake: ongeza mwangaza wa picha na herufi zitajitokeza. Sehemu iliyoungua kwa mwanga hadi ikawa nyeupe tupu haina kitu tena. Kupunguza mwangaza kutaigeuza kuwa kijivu, lakini herufi hazitarudi kwa sababu kamera haikuzirekodi. Ukiwa na uwezo wa kupiga tena, usihangaike na programu za kusafisha picha. Sogea pembeni kidogo, upige picha ya pili. Doa la mwanga huhama pamoja na pembe ya kamera, kwa hiyo neno lililofichwa kwenye picha ya kwanza litaonekana kwenye ya pili.

Nakili neno kwa neno

Sasa andika vidokezo kama vilivyo. Usifupishe, usitafsiri kwa maneno yako, na pale usipoona weka alama ya kuuliza badala ya kukisia. Kukisia ni kazi ya baadaye, na itafanywa kwa utaratibu. Nakala ya picha yetu inatoka hivi:

```
1  [mchoro]   witiri: 1 3 5    shufwa: 2 4 6
2  Esta ana jirani kushoto na kulia.
3  Asha anatazamana na Esta.
4  Aliye mkono wa kulia wa Asha ni Daudi.
5  Faraji na Baraka / [?]wako upande mmoja.
6  Chausiku na Faraji hawatazamani.
7  Namba ya kiti cha Baraka ni [??????].
8  Namba ya Faraji ni kubwa kuliko ya Daudi.
```

Mchoro wa kisanduku cha kwanza, ukiuandika kwa namba tu, ni huu. Migongo ya viti iko nje, kwa hiyo kila mtu anatazama meza:

```
   1   2   3
  [   meza   ]
   4   5   6
```

Kisanduku cha 5 ndicho kinachoanza safu ya chini, upande ule ambao mstari wake umekatwa. Maneno yamevunjwa katika mistari miwili, na mstari wa pili unaanza na "wako" iliyobanwa kabisa kwenye ukingo wa karatasi unaoonekana. Je, ni "wako" au "hawako"? Hapa Kiswahili chenyewe ni mtego. Vitenzi vingi vya kukanusha wakati uliopo vina alama mbili, moja mbele na moja nyuma. "Hawatazamani" ikipoteza "ha" inabaki "watazamani", na jicho linaikataa papo hapo, kwa kuwa ile "i" ya mwisho inadai ukanushi uliopotea. Lakini "hawako" ikipoteza "ha" inabaki "wako", neno zima, sahihi, lenye maana ya kinyume kabisa. Hali ni ileile kwa "hana" na "hayuko", ambazo mkia wake haubadiliki. Kwa hiyo kila unapoona "wako", "yuko" au "ana" mwanzoni mwa mstari ulio kando ya picha, simama.

Dawa yake ni kupima nafasi. Angalia mstari wa kwanza wa kisanduku hichohicho, wenye "Faraji na Baraka". Kama herufi ya kwanza ya mstari huo, F, nayo imekatwa kidogo au imegusa ukingo, basi mistari yote miwili imepoteza kitu kiasi kilekile, na herufi mbili nzima haziwezi kuwa zimepotea chini bila F nayo kupotea juu. Katika picha yetu, hata hivyo, "w" ya chini imekaa ndani kwa upana wa herufi mbili kulinganisha na F ya juu, ilhali katika visanduku vingine mistari yote huanza usawa mmoja. Karatasi imejikunja kwenye kona ya chini na kufunika mwanzo wa mstari wa pili. Ukikuza picha unaona ncha ya wino upande wa kushoto wa "w", mahali ambapo mkia wa "a" ungekuwa. Hiyo ni "hawako". Inaandikwa hivyo, na alama ndogo pembeni kwamba imesomwa kwa ushahidi, haikuonekana nzima.

Kisanduku cha 7 hakina bahati hiyo. Neno la mwisho limeungua na mwanga lote. Tunachojua ni kwamba nafasi yake inatosha neno la herufi kama sita, si tarakimu moja. Kisanduku cha 1 kinaeleza maana ya witiri na shufwa, na hakuna kidokezo kingine kinachotumia maneno hayo. Kwa hiyo neno lililofichwa ni moja kati ya hayo mawili. Bahati mbaya yote yana herufi sita, hivyo urefu hausaidii. Tunaliacha wazi na kuendelea.

Mkono wa kulia wa nani?

Kabla ya kujaza jedwali, tatua swali la kulia na kushoto mara moja tu. Aliye upande wa chini, viti 4, 5 na 6, anatazama juu kama wewe msomaji, basi kulia kwake ni kulia kwako. Aliye upande wa juu anakutazama wewe, basi kulia kwake ni kushoto kwako. Mtu wa kiti cha 2 ana kiti cha 1 mkono wake wa kulia. Mtu wa kiti cha 5 ana kiti cha 6. Andika mishale midogo kwenye mchoro wako, na usifanye hesabu hii kichwani kila mara, maana ndipo watu huteleza wakiwa katikati ya kazi.

Jedwali na alama za kwanza

Chora jedwali la majina sita kwa viti sita, nafasi 36. Bila kidokezo chochote kuna mipangilio 720 ya kuwakalisha watu sita kwenye viti sita, hivyo hakuna maana ya kujaribu mmojammoja. Alama ya kosa inawekwa mahali ambapo mtu hawezi kukaa, na nukta pale ambapo bado inawezekana.

Kisanduku cha 2 kinampa Esta jirani pande zote mbili, basi yuko katikati ya safu: 2 au 5. Kisanduku cha 3 kinamweka Asha mkabala naye, basi naye ni 2 au 5. Hatujui nani yuko wapi, lakini tayari viti hivyo viwili vina wenyewe wawili. Wengine wote wanafutwa kwenye 2 na 5. Hatua hii hurukwa mara nyingi kwa sababu inaonekana haijampata mtu yeyote kiti, na kumbe ndiyo inayofungua mlango.

```
           1  2  3  4  5  6
Asha       x  .  x  x  .  x
Baraka     .  x  .  .  x  .
Chausiku   .  x  .  .  x  .
Daudi      .  x  .  .  x  .
Esta       x  .  x  x  .  x
Faraji     .  x  .  .  x  .
```

Alama 16 zimewekwa kwa vidokezo viwili. Sasa kisanduku cha 4: Asha akiwa 2, Daudi ni 1. Asha akiwa 5, Daudi ni 6. Futa 3 na 4 kwenye mstari wa Daudi, kwa kuwa njia zote mbili zinavikataa.

Kisanduku cha 8 ni cha kulinganisha, na vidokezo vya namna hii vina faida ya haraka kwenye miisho. Faraji ana namba kubwa kuliko Daudi. Basi Daudi hawezi kuwa na namba kubwa kuliko zote, yaani 6, na Faraji hawezi kuwa 1. Daudi alikuwa amebakiwa na 1 na 6 tu. Sita imeondoka, basi Daudi yuko kiti cha 1. Kutoka hapo Asha ni 2, na Esta, anayetazamana naye, ni 5.

Zingatia kazi iliyofanywa na kisanduku cha 8. Vidokezo vya 2 hadi 6 havitaji namba yoyote. Ukiizungusha meza nusu duara, kila mtu akahamia kiti ambacho namba yake na ile ya mwanzo zinajumlisha 7, vidokezo hivyo vyote vinabaki kweli. Bila kisanduku chenye namba, fumbo la namna hii lingekuwa na majibu mawiliwili daima. Kwa hiyo ukiona majibu yako yanakuja kwa jozi, kila moja likiwa mzunguko wa lingine, tafuta kidokezo cha namba ambacho hukukinakili.

Viti vitatu vilivyobaki

Wamebaki Baraka, Chausiku na Faraji kwa viti 3, 4 na 6. Kisanduku cha 5 kinasema Faraji na Baraka hawako upande mmoja. Kati ya viti vitatu, ni 3 pekee kilicho juu, basi mmoja wao yuko hapo, na Chausiku hayuko. Chausiku ni 4 au 6.

Hapa usikimbilie kisanduku cha 7. Orodhesha kwanza mipangilio yote inayobaki bila kukitumia. Baraka akiwa 3, Faraji anaweza kuwa 4 na Chausiku 6, au Faraji 6 na Chausiku 4. Yote mawili yanakubaliana na kisanduku cha 6, kwa sababu Chausiku na Faraji wako upande mmoja, hawatazamani. Faraji akiwa 3, Chausiku hawezi kuwa 6, maana angetazamana naye, basi Chausiku ni 4 na Baraka 6. Mipangilio mitatu kwa jumla.

Sasa lete neno lililofichwa. Likiwa "witiri", Baraka ni 3, na mipangilio miwili inabaki. Likiwa "shufwa", Baraka ni 6, na unabaki mmoja. Fumbo lililotungwa vizuri lina jibu moja tu, basi neno ni "shufwa", na jibu ni:

```
1 Daudi     2 Asha   3 Faraji
4 Chausiku  5 Esta   6 Baraka
```

Hoja hii ina uzito, lakini ni ya aina tofauti na zile za kwanza. Daudi yuko kiti cha 1 kwa sababu vidokezo vinamlazimisha. Baraka yuko 6 kwa sababu vidokezo vinamlazimisha *na* tunamwamini mtunzi kwamba hakuacha majibu mawili. Kama picha imekatwa na kidokezo kizima kimebaki nje, hoja inaanguka, kwa sababu kidokezo hicho ndicho huenda kilikuwa cha kuchagua kati ya ile mipangilio miwili ya witiri. Ndiyo maana tulifuata mpaka wa gridi kwa kidole mwanzoni.

Namba ya majibu inakuambia nini

Ukipata majibu zaidi ya moja, umepoteza kidokezo au umekisoma kwa ulegevu. Usipopata jibu hata moja, umeongeza kitu ambacho hakikuandikwa. Mfano mzuri ni kosa la mkono wa kulia. Tuseme ulichukua kulia kwako badala ya kulia kwa Asha, ukamweka Daudi kiti cha 3. Faraji lazima awe na namba kubwa zaidi, basi yuko 4 au 6, chini. Baraka lazima awe upande mwingine, na kiti pekee kilichobaki juu ni 1. Namba 1 ni witiri. Kwa "shufwa" hakuna jibu, na kwa "witiri" yako mawili, kwa kuwa Faraji na Chausiku wanaweza kugawana 4 na 6 vyovyote. Yaani neno lililofichwa halileti jibu moja, liwe lipi. Hiyo ni dalili kubwa: kosa haliko kwenye doa la mwanga, liko kwenye kitu ulichodhani unakijua. Rudi kwenye mishale ya kulia na kushoto kabla ya kugusa kitu kingine.

Lakini hesabu ya majibu haishiki kila kosa. Chukua kisanduku cha 5 na ukisome "wako upande mmoja". Daudi, Asha na Esta hawabadiliki. Faraji na Baraka sasa lazima wagawane 4 na 6, na Chausiku anachukua 3. Faraji hawezi kuwa 6, maana angetazamana na Chausiku, basi Faraji ni 4 na Baraka 6. Baraka ana namba shufwa, Faraji anamzidi Daudi, kila kitu kinakubali, na jibu ni moja tu. Hata ukijaribu "witiri" hupati jibu, jambo linalokufanya uzidi kujiamini. Tofauti na jibu sahihi ni kwamba Faraji na Chausiku wamebadilishana viti 3 na 4. Hakuna mantiki itakayokuamsha. Ni ile ncha ya wino kando ya "w" peke yake.

Kuhakiki

Jibu likipatikana, lihakiki kwa kusoma picha yenyewe, siyo nakala yako. Nakala ikiwa na kosa, uhakiki wa nakala utalipitisha kosa hilohilo. Weka kidole kwenye kila kisanduku, soma kwa sauti, tazama mchoro wenye majina: Esta ana Chausiku na Baraka pembeni, Asha yuko mbele yake, kulia kwa Asha yuko Daudi, Faraji yuko juu na Baraka chini, mbele ya Faraji yuko Baraka na si Chausiku, 6 ni shufwa, 3 ni kubwa kuliko 1.

Kama unampelekea mtu jibu na huna njia ya kupata picha nyingine, mpe pamoja na msingi wa kila sehemu. Viti 1, 2 na 5 vinasimama juu ya visanduku vya 2, 3, 4 na 8, ambavyo vyote vinasomeka wazi. Viti 3, 4 na 6 vinategemea pia "hawako" iliyokatwa na neno lililofichwa na mwanga. Akiwa na karatasi halisi, atahitaji kuangalia mahali pawili tu.